Biashara Moja ya Familia Kabla Watoto Hawajaja: Mwongozo Kamili kwa Wachumba Wanaotaka Kukodisha Viti na Mahema

Wachumba wanaotafuta biashara ya pamoja kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni biashara gani inalipa. Swali hilo ni la haki, lakini kwa watu wanaotarajia kupata mtoto ndani ya mwaka mmoja au miwili baada ya ndoa lipo swali jingine linalopaswa kutangulia: je, biashara hii itasimama wakati mama yumo katika siku arobaini za uzazi, na baba anagawanya muda wake kati ya kazi, hospitali na nyumbani? Mawazo mengi yanayopendekezwa kwa wachumba huanguka hapo, na ndiyo sababu mwongozo huu unalifuata wazo moja mpaka mwisho, yaani kukodisha viti na mahema kwa ajili ya shughuli, katika mazingira ya mji wa kawaida wa Tanzania.

Hatua ya kwanza: Pimeni kila wazo kwa siku arobaini

Chukueni kila wazo mlilonalo mjiulize nini kitatokea iwapo wote wawili hamtaweza kuigusa biashara kwa wiki sita mfululizo. Kuku wa mayai hupendwa sana, na kweli wana soko, lakini kuku mmoja anayetaga hula takriban gramu 120 za chakula kwa siku, kwa hiyo kuku 300 wanahitaji kilo 36 kila siku ya Mungu, iwe kuna mtoto mchanga au hakuna. Isitoshe, kifaranga huchukua miezi minne hadi mitano kabla ya kutaga yai la kwanza, na muda wote huo fedha zinatoka bila kuingia. Duka la vyakula na uwakala wa fedha navyo vinahitaji mtu mwaminifu anayekaa pale kuanzia asubuhi hadi usiku, kwa sababu mteja akikuta mlango umefungwa siku tatu huhamia duka jingine na harudi kwa urahisi. Biashara ya chakula kilichopikwa inategemea mkono wa mtu mmoja, na mara nyingi mkono huo ndio wa mama mtarajiwa.

Viti na mahema havili, havifi wala haviozi. Oda nyingi hujulikana siku kadhaa kabla, kazi yenyewe huangukia zaidi mwisho wa wiki, na mnaweza kukataa oda za mwezi mzima bila kupoteza mtaji. Udhaifu wake ni kwamba mtaji wote unawekwa mwanzoni na hurudi polepole. Anayehitaji fedha za kila siku za kuendeshea nyumba asianzie hapa. Biashara hii inawafaa wachumba ambao angalau mmoja wao ana kipato kingine, awe mwalimu, muuguzi, fundi au mkulima mwenye mazao ya uhakika.

Hatua ya pili: Andikianeni kabla ya kununua kiti cha kwanza

Wachumba si mke na mume bado, na sheria inaitambua tofauti hiyo. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinaeleza kwamba ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali, maana yake ni kwamba viti alivyonunua mmoja wenu kabla ya ndoa havigeuki kuwa vya wote kwa sababu tu mmefunga ndoa. Kifungu cha 60 cha sheria hiyo hiyo kinasema kuwa mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, na iliyo kwa majina ya wote huchukuliwa kuwa yao kwa hisa sawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo jina linaloandikwa kwenye risiti lina uzito kuliko wapendanao wengi wanavyodhani.

Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja au miwili yanayotaja kila mmoja ametoa kiasi gani na lini, faida itagawanywaje au itarudishwaje kwenye biashara, nani anashika daftari na nani anashika fedha, na nini kitafanyika uchumba ukivunjika. Kipengele hiki cha mwisho ndicho ambacho watu huona aibu kukiandika, nami nasisitiza kiandikwe kwa maneno ya wazi. Kwa mfano, mnaweza kukubaliana kwamba anayebaki na vifaa atamrudishia mwenzake mchango wake kwa awamu ndani ya miezi 12, na kwamba thamani ya vifaa itakadiriwa na mtu wa tatu mnayemtaja humo humo. Tieni saini mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Mkiweza kumfikia wakili ni vizuri zaidi, lakini karatasi iliyoandikwa kwa uangalifu na kushuhudiwa ni bora mara nyingi kuliko maneno matupu.

Baada ya hapo sajilini jina la biashara BRELA kwa njia ya mtandao, mkijiandikisha wote wawili kama wabia, kila mmoja akitumia namba yake ya NIDA. Kisha fuatilieni namba ya mlipakodi TRA na leseni ya biashara katika halmashauri yenu. Fungueni akaunti au laini ya simu ya biashara peke yake, isiyotumika kwa mambo ya nyumbani.

Fedha za michango ya harusi zisiguswe hata kidogo. Kamati ya harusi hukusanya fedha za watu kwa jambo walilolitaja, na mahari nayo ina wenyewe. Mtaji wa biashara utoke katika akiba zenu wenyewe.

Hatua ya tatu: Hesabuni shughuli za mtaa wenu

Kwa muda wa wiki sita hadi nane, kila Ijumaa hadi Jumapili, mmoja wenu apite katika kata mnayokusudia kuihudumia na kuandika kila shughuli anayoiona: harusi, sendofu, kicheni pati, maulidi, hitima, kipaimara, mahafali, mkutano, msiba. Andikeni idadi ya viti kwa kukadiria, vimetoka kwa nani, na vimeletwa saa ngapi. Zungumzeni na wapishi wa shughuli, washereheshaji, mjumbe wa mtaa, na wazee wa msikiti na kanisa, kwa kuwa hao ndio wanaoulizwa kwanza mtu anapotaka viti.

Swali lenye faida kubwa kuwauliza watu waliomaliza shughuli ni nini kiliwasumbua. Mara nyingi mtasikia kwamba viti vilichelewa, vilikuja vichafu, au hema lilivuja, na ni mara chache mtasikia kuwa bei ilikuwa kubwa. Hapo mnaelewa kwamba nafasi yenu ya kuingia sokoni ni usafi na kufika mapema, na hamna haja ya kuanza kwa kushusha bei.

Angalieni pia majira. Harusi za Wakristo hupungua sana wakati wa Kwaresima na za Waislamu wakati wa Ramadhani, kisha huja kwa wingi baada ya Pasaka na Idi. Desemba watu wa baadhi ya mikoa hurudi nyumbani na kufanya shughuli kwa pamoja, na vijijini shughuli huongezeka baada ya mavuno. Misiba haina msimu. Mtu asiyejua hili huanza biashara mwanzoni mwa Kwaresima na kukata tamaa kabla ya Pasaka.

Hatua ya nne: Nunueni kwa kupima, si kwa macho

Idadi ya viti na ukubwa wa mahema lazima viendane. Mtu aliyekaa katika safu bila meza huhitaji karibu theluthi mbili hadi robo tatu za mita moja ya mraba, njia za kupita zikiwemo. Hema la mita 6 kwa 6 lina mita za mraba 36, kwa hiyo hukaa watu 50 hivi kwa safu. Mahema manne ya ukubwa huo yanatosha viti 200, na yana faida kubwa kuliko hema moja kubwa, kwa kuwa yanaweza kugawanywa katika shughuli mbili ndogo za siku moja na hupita katika viwanja vyembamba vya mitaani.

Viti vya plastiki vyote viwe vya aina moja, rangi moja na kutoka kalibu moja, la sivyo havitapangana vizuri, na stoo pamoja na gari vitabeba nusu ya kinachostahili. Dukani chukueni kiti kimoja mkigeuze, mtazame unene wa miguu na mbavu zilizo chini ya kalio, kisha mtu mzito akikalie huku akiegemea nyuma kidogo. Miguu ikipanuka na kuteleza pembeni, kiacheni hapo hapo. Kiti kinachochoka huonyesha dalili mapema: mstari mweupe hujitokeza mahali mguu unapokutana na kalio, na ukipitisha kiganja juu yake kinabaki na unga mweupe, ishara kwamba jua limekwisha kuila plastiki. Kiti chenye mstari huo kiondoeni kwenye kundi siku hiyo hiyo, kwa sababu kitavunjika na mgeni akiwa juu yake, tena huenda akawa ni bibi wa watu.

Kwa hema, kagueni viungio vya mabomba na mshono wa turubai kwenye pembe nne, ambapo mvutano ni mkubwa. Ombeni lisimamishwe dukani au kwa fundi, mmwage ndoo mbili za maji juu na kusubiri. Maji yakituama juu yake, ukubwa wa turubai haulingani na fremu, na mvua ya kwanza italipasua. Nunueni mambo za chuma za ziada, kamba za ziada na angalau bomba mbili za akiba, maana vitu hivi hupotea kila shughuli. Kila kiti kipigwe alama ya rangi chini ya kalio, na kila bomba lipewe herufi ya hema lake.

Hesabu ya mfano mmoja

Tuchukue wachumba wawili walioko Morogoro mjini, mwanaume mwalimu na mwanamke muuguzi, wenye akiba ya shilingi milioni 7, ambapo mmoja ametoa milioni 4 na mwingine milioni 3. Bei ninazotumia ni za kufanyia hesabu, nanyi mtaweka za soko lenu.

Viti 200 kwa shilingi 15,000 ni milioni 3. Mahema 4 kwa 700,000 ni milioni 2 na laki 8. Kamba, mambo, rangi na maturubai ya kufunikia ni laki 3, na usajili na leseni tumetenga laki 2. Jumla ni milioni 6 na laki 3, na laki 7 zinabaki kama akiba isiyoguswa.

Kiti kinakodishwa kwa shilingi 400 kwa siku na hema kwa 40,000. Shughuli iliyochukua vifaa vyote inaleta 240,000, ambazo tukitoa gari 40,000 na vijana wa kufunga na kufungua 30,000, zinabaki 170,000. Shughuli nyingi, hata hivyo, huchukua nusu ya vifaa: zinaingia 120,000, gari linakula 30,000 na vijana 20,000, zinabaki 70,000. Kodi ya stoo ni 60,000 kwa mwezi.

Mwezi wa kawaida wenye shughuli nne za nusu unaacha 220,000. Mwezi wa msimu, wenye shughuli nne za nusu na mbili kamili, unaacha 560,000. Mwezi uliolala, wenye shughuli moja tu ya nusu, unaacha 10,000. Mwaka wenye miezi minane ya kawaida, mitatu ya msimu na mmoja uliolala unaleta 3,450,000 kabla ya kodi ya mapato. Kwa mwendo huo, fedha za kuanzia zinarudi baada ya takriban miezi 22.

Lakini fedha hizo zote si za kula. Tukikadiria viti vidumu miaka minne na mahema miaka mitano, kila mwezi kuna shilingi 109,000 hivi zinazopaswa kuwekwa kando ili vifaa vinunuliwe upya, yaani karibu milioni 1 na laki 3 kwa mwaka. Zinazobaki ni kama milioni 2 na laki 1. Wengi walioshindwa katika kazi hii hawakukosa wateja. Walikula fedha za uchakavu mwaka wa kwanza na wa pili, na mwaka wa nne wakabaki na rundo la viti vilivyovunjika na jina lililochafuka.

Hatua ya tano: Uendeshaji wa kila oda

Wekeni daftari moja tu la oda, na mtu mmoja tu awe na mamlaka ya kuandika ndani yake. Oda inayopokelewa na mume kwa simu ilhali mke ameshaahidi siku hiyo kwa mtu mwingine ni chanzo cha aibu ambayo hakuna punguzo la bei linaloweza kuifuta. Mteja wa sherehe alipe nusu siku anapoweka oda na nusu iliyobaki vifaa vinaposhushwa. Kwa msiba msidai malipo ya awali, kwani si desturi na mtaonekana hamna utu. Chukueni jina la msimamizi wa msiba na la mjumbe, na mlipwe siku ya kukusanya vifaa.

Vifaa vihesabiwe mara mbili, wakati wa kushusha na wakati wa kukusanya, mwenye shughuli au mwakilishi wake akiwepo na kutia saini. Bei ya kiti kilichovunjika au kupotea iandikwe kwenye risiti tangu mwanzo. Viti vioshwe kwa sabuni na kukaushwa kivulini. Hema kamwe lisikunjwe likiwa bichi: likikaa siku mbili tatu hivyo litaota madoa meusi ya kuvu yasiyotoka, na harufu yake itasikika mezani kwa wageni. Likilowa usiku, lianikwe kesho yake hata kama ni Jumapili, na hilo ni muhimu hasa wakati wa masika na vuli. Upepo ukianza kuvuma kwa nguvu wageni wakiwa ndani, kazi ya kwanza ni kuondoa mapazia ya pembeni ili upepo upite, kisha kukaza kamba. Hema lililofungwa pande zote hunyanyuliwa zima.

Suala la ndugu linahitaji uamuzi wa mapema kuliko yote. Mara tu mtakaponunua viti, pande mbili za ukoo zitaviona kuwa ni vya familia, na kila upande utahesabu upande wa pili umeazimwa mara ngapi. Kubalianeni kabla ya ndoa idadi ya shughuli za bure kwa mwaka, kwa mfano mbili kila upande, na misiba ya wazazi na ndugu wa tumbo moja iwe nje ya idadi hiyo. Hata zile za bure ziandikwe daftarini kwa bei kamili kama mchango wenu, na gari lilipwe na wenye shughuli. Atakayejibu ombi la shangazi wa upande wa mume ni mume mwenyewe, na la mjomba wa upande wa mke ni mke, ili asiwepo mkwe anayebebeshwa lawama ya kukataa.

Hatua ya sita: Iandaeni biashara kwa ujio wa mtoto

Mara mimba inapojulikana, mama asibebe tena viti wala mabomba. Abaki na daftari na simu, kazi ambayo anaweza kuifanya akiwa amekaa. Katika miezi mitatu ya mwisho, mmoja wa vijana mnaofanya nao kazi apewe nafasi ya usimamizi, kwa malipo ya juu kidogo kwa kila shughuli, na asimamie angalau shughuli tatu au nne huku ninyi mkiangalia tu. Akishindwa kuleta hesabu iliyokamilika katika shughuli mbili mfululizo, mbadilisheni mapema, kwa sababu hamtakuwa na nafasi ya kumfundisha mwingine mtoto akishafika.

Kwa walioajiriwa, sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo, ilhali baba kwa kawaida hupata siku 3 tu. Msijidanganye kwamba likizo ya mama ni muda wa kusukuma biashara. Kwa siku arobaini pokeeni oda za watu mnaowafahamu na zisizozidi nusu ya vifaa, malipo yote yapitie laini ya biashara ili muone kilichoingia bila kutoka nyumbani, na kwa wiki mbili za kwanza msipokee oda yoyote mpya. Wateja waliokwisha kuweka oda za wiki hizo waambiwe mwezi mmoja kabla, na muwaelekeze kwa mwenye viti mwingine mnayeaminiana naye. Mtu huyo naye atawaletea oda zake siku atakapozidiwa.

Kuhusu kupanua, msinunue sufuria, sahani wala spika kwa sababu tu mmeona mwenzenu anazo. Nyuma ya daftari tengeni kurasa za kuandika kila oda mliyoikataa na sababu yake. Mtoto atakapofikisha miezi sita, fungueni kurasa hizo: mkikuta mmekataa oda nyingi kwa kukosa viti, ongezeni viti 50 na hema moja, mkikuta wateja wameulizia vyombo vya kulia, anzeni na sahani za watu 100. Na mkikuta kurasa hizo ni tupu, zile laki 7 za akiba zikae mahali pake.